Kadi Inasema 158/96

Mtu akirudi nyumbani kutoka hospitali na kadi iliyoandikwa 158/96, swali la kwanza atakaloulizwa ni, "Presha ngapi?" Naye atajibu, "Mia moja hamsini na nane." Namba ya chini haina bahati, mara nyingi haitajwi kabisa. Swali la pili ni, "Unajisikiaje?" Akisema hajisikii vibaya, mazungumzo yanahamia mambo mengine. Hilo swali la pili ndilo linalotuponza, kwa sababu presha ya 158 haina jinsi yoyote ya kujisikia. Mwili umeshaizoea, na kuizoea kwenyewe ndiko kunakouharibu. Ili tuelewe hilo, tuanze na maana ya hizo namba.

Namba mbili za kwenye kadi ni vipimo viwili vya kitu kimoja, vilivyochukuliwa ndani ya pigo moja la moyo. Moyo unapojikamua, damu inasukumwa kwenye mishipa mikubwa na msukumo wake unapanda mpaka kileleni. Hiyo ndiyo namba ya juu. Kisha moyo unalegea ili ujae tena, na msukumo unashuka, ila haufiki sifuri, kwa kuwa kuta za mishipa zilizokuwa zimetanuka zinarudi na kuendelea kuibana damu. Kiwango cha chini kabisa unachofikia kabla ya pigo linalofuata ndicho namba ya chini. Kwa hiyo 96 inatuambia msukumo uliomo kwenye mishipa hata wakati moyo umepumzika.

Kizio chake ni milimita za zebaki. Presha ya 158 inatosha kuinua zebaki ndani ya bomba la kioo kwa milimita 158. Zebaki ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 13, hivyo kama bomba lingekuwa na maji, presha hiyohiyo ingeyapandisha zaidi ya mita mbili. Mwingereza Stephen Hales, aliyekuwa kasisi, alichapisha mwaka 1733 maelezo ya jaribio alilomfanyia farasi: alifunga bomba refu la kioo kwenye mshipa wa damu wa mnyama huyo, na damu ikapanda karibu mita mbili na nusu. Bahati nzuri njia tunayopimiwa leo haihitaji kutobolewa. Mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, alieleza kwamba ukifunga mkanda wa mpira kwenye mkono, ukaujaza upepo mpaka damu ikasimama, halafu ukaulegeza polepole huku ukisikiliza mshipa kwa chombo cha masikioni, utasikia mgongo wa damu ikianza kupenya. Mlio wa kwanza ndio namba ya juu. Milio inapopotea kabisa, hiyo ndiyo ya chini. Mashine za betri zilizojaa kwenye maduka ya dawa hazisikilizi milio. Zinahisi mtetemo wa mshipa chini ya mkanda na kukokotoa namba kutokana na mtetemo huo. Zilizothibitishwa zinafanya kazi vizuri, isipokuwa mapigo ya moyo yasipokuwa na mpangilio, ambapo hata mashine nzuri hubabaika.

Namba hii inapotoshwa kirahisi mno. Mgonjwa ameshuka kwenye daladala, amepanda ngazi, amekaa foleni saa mbili, mkojo umembana, na mara anaitwa. Anakaa kwenye kiti kisicho na egemeo, mkono unaning'inia, mkanda unafungwa juu ya shati, na wakati upepo unajazwa muuguzi anamuuliza anaishi wapi. Kila kimoja katika hivyo kinaongeza kitu. Kuongea peke yake kunaweza kupandisha namba ya juu kwa takribani 10. Mkono ukining'inia badala ya kuegemezwa usawa wa moyo, namba hupanda tena. Baya kuliko yote ni mkanda mdogo kwenye mkono mnene: mtu anaweza kuandikiwa presha iliyozidi ile halisi kwa 15 au 20. Kwa hiyo yule mwenye 158 anaweza kuwa kweli na 158, au akawa na 138 na siku mbaya.

Upimaji unaoaminika hauna gharama, una subira tu. Mtu akae kimya dakika tano, mgongo umeegemezwa, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono wazi umewekwa mezani usawa wa kifua, mkanda unaomtosha. Nusu saa kabla ya hapo asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa au chai ya rangi. Apimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili, na wastani uandikwe. Mara ya kwanza kabisa apimwe mikono yote miwili, na kuanzia hapo utumike ule uliotoa namba kubwa. Kisha aje siku nyingine apimwe tena, kwa sababu hakuna daktari makini anayemtangaza mtu kuwa mgonjwa wa presha kwa kipimo cha siku moja, labda namba iwe ya kutisha.

Mstari uliochorwa na Shirika la Afya Duniani, ambao ndio unaofuatwa katika zahanati zetu nyingi, ni 140 kwa 90. Namba yoyote kati ya hizo mbili ikifika au kuvuka hapo, kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Si lazima zote mbili zivuke. Wazee wengi wana 165 kwa 75, na hiyo nayo ni presha kamili, inayotokana na mishipa mikubwa iliyokakamaa kwa umri. Ukijipima nyumbani kwa utulivu, mstari unashuka kidogo hadi 135 kwa 85, kwa kuwa wengi hupanda wanapoona koti jeupe. Wamarekani tangu 2017 wameuweka kwenye 130 kwa 80, na wasomaji wenye ndugu huko hushangaa kwa nini mtu aliye mzima Mwanza anakuwa mgonjwa akitua Houston. Jibu ni kwamba mwili hauna mstari. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya watu karibu milioni moja, ulionyesha kwamba kuanzia 115 kwa 75 hatari inapanda taratibu bila kuruka popote, na kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kila ongezeko la 20 kwa namba ya juu, au 10 kwa ya chini, linazidisha mara mbili hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mstari umechorwa na watu pale walipoona faida ya dawa inazidi usumbufu wake. Aliye na 138 hajanusurika, na aliye na 142 hajahukumiwa.

Sasa turudi kwenye suala la muda, maana ndilo kiini cha habari hii. Presha haiui kama malaria kali inavyoua, kwa siku tatu. Inahesabu miaka. Ni vigumu kupata mtu ambaye presha yake iliandikwa kwa uangalifu mwaka hadi mwaka bila kutibiwa, kwa sababu siku hizi kumwacha mtu hivyo ni kosa la kitaaluma. Lakini yupo mmoja maarufu ambaye madaktari wake walipima na kuandika, na hawakuwa na dawa ya kumpa. Ni Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani aliyeongoza nchi yake katika Vita Kuu ya Pili. Daktari wake wa moyo, Howard Bruenn, alichapisha namba zake mwaka 1970.

Mwaka 1935 Roosevelt alikuwa na 136 kwa 78. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 55, alikuwa na 162 kwa 98. Angepimwa leo katika kituo chochote cha afya cha kata angefunguliwa kadi na kupewa vidonge. Mwanzoni mwa 1941 ilikuwa 188 kwa 105. Watu waliomzunguka waliona mtu anayefanya kazi, anayetania waandishi wa habari, anayesafiri. Daktari aliyekuwa akimwangalia kila siku alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo, na aliuambia umma kwamba afya ya Rais ni nzuri kwa mtu wa umri wake. Si lazima tumwone mwongo. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba presha kubwa ni hitaji la mwili: mishipa imekuwa migumu, kwa hiyo moyo lazima usukume zaidi, na kuishusha ni kumnyima mtu damu.

Tuangalie kilichokuwa kikiendelea ndani ya kifua chake miaka hiyo. Chumba cha chini cha kushoto cha moyo ndicho kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, na ukuta wake kwa kawaida una unene usiozidi takribani sentimita moja. Kila pigo kinapaswa kuishinda presha iliyomo kwenye mshipa mkuu ndipo mlango wake ufunguke. Presha ikiwa 120 kinafanya kazi ya 120. Ikiwa 180 kinafanya kazi nusu zaidi, mara laki moja kwa siku. Kama mabega ya kuli wa bandarini, msuli huo unanenepa. Unaweza kufika sentimita 1.3, au 1.5 na kuendelea. Kwa miaka kadhaa hiyo ni suluhisho zuri: ukuta mnene unasukuma presha kubwa bila shida, na mwenye moyo huo anapanda ngazi kama kawaida.

Gharama inakuja upande wa kulegea. Msuli mnene ni mgumu, na katikati ya nyuzi zake zinaota nyuzi za kovu. Moyo unaojikamua vizuri lakini usiolegea vizuri haujai sawasawa, kwa hiyo damu inayotoka mapafuni inarundikana ikisubiri nafasi. Chumba cha juu, kinachopokea damu hiyo, kinatanuka kwa mzigo, na kinapotanuka umeme wake unavurugika. Hapo ndipo mapigo yasiyo na mpangilio huanza, na damu iliyotuama katika chumba hicho inaweza kuganda na bonge kurushwa hadi kwenye ubongo. Tena, moyo wenyewe hulishwa damu na mishipa midogo inayopenya ndani ya msuli, na damu hiyo hupita zaidi wakati moyo umelegea. Msuli umeongezeka, mishipa haikuongezeka kwa kiwango hichohicho, na muda wa kulegea umekuwa wa shida. Ndiyo maana mwenye presha ya miaka mingi anaweza kubanwa kifua hata kabla mishipa yake mikubwa ya moyo haijaziba. Mwishoni, kama mzigo haujapunguzwa, ukuta unachoka, chumba kinatanuka, na hata ile nguvu ya kukamua inapotea.

Machi 1944 Bruenn aliitwa kumpima Roosevelt kwa mara ya kwanza. Alikuta 186 kwa 108, lakini hakuishia kwenye namba. Rais alikuwa anahema, anakohoa, midomo ina rangi ya buluu, hawezi kulala chali bila kukosa pumzi. Picha ya kifua ilionyesha moyo uliokuwa mkubwa kupita kawaida, na chini ya mapafu kulikuwa na mlio wa maji. Umri wake ulikuwa miaka 62. Alipewa dawa ya kuimarisha mapigo ya moyo iliyotokana na mmea wa dijitali, akapunguziwa chumvi, kazi na sigara, na katika muda wa wiki chache mapafu yalikauka na akaweza kulala vizuri. Alijisikia mzima. Presha, hata hivyo, iliendelea kupanda, kwa kuwa hakuna katika vitu hivyo kilichokuwa na uwezo wa kuishusha vya kutosha. Bruenn aliandika kwamba Rais hakuwahi kumuuliza kwa nini anapimwa mara nyingi hivyo. Novemba ya mwaka huo ilifika 260 kwa 150. Tarehe 12 Aprili 1945, mchana, akiwa amekaa akichorwa picha katika nyumba yake ya mapumziko huko Warm Springs, alilalamika maumivu makali nyuma ya kichwa, akaanguka. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya ubongo. Presha iliyopimwa dakika zile ilikuwa 300 kwa 190.

Dawa ya kwanza ya vidonge iliyoshusha presha bila kumtesa sana mgonjwa, ile ya kuongeza mkojo iliyo mama wa hidroklorothiazaidi tunayoitumia leo, iliingia mwishoni mwa miaka ya 1950. Roosevelt aliikosa kwa miaka 13. Lakini safari yake ile bado inasafiriwa huku kwetu, na kwa umri mdogo zaidi. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kuchapishwa 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Sababu iliyoongoza ilikuwa presha, karibu nusu yao, na wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Ulaya na Marekani wagonjwa wa namna hiyo huwa wamepita 70, na wengi wao wameletwa na mishipa ya moyo iliyoziba. Hapa tunaletwa na presha iliyoachwa.

Figo nazo zina hadithi ya kuzoea, ila yao ni ya kujikunyata. Figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, zinapokea karibu lita moja ya damu kila dakika, yaani takribani sehemu ya tano ya damu yote inayotoka moyoni. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo takribani milioni moja, kila kimoja ni kifundo cha vimishipa vyembamba sana. Ukuta mwembamba kiasi hicho hauwezi kuvumilia presha ya 158. Kwa hiyo kabla ya kila kichujio kuna mshipa mdogo wa kuingilia, wenye msuli unaojibana presha inapopanda na kujilegeza inaposhuka, ili ndani ya kichujio msukumo ubaki uleule. Kwa mtu mwenye afya mlango huo hufanya kazi kimya maisha yote.

Presha ikikaa juu miaka kumi, mlango umejibana miaka kumi. Ukuta wake unanenepa, ndani yake inajikusanya protini inayougeuza kuwa kama kioo chini ya darubini, na tundu la kupitisha damu linakuwa dogo. Baadhi ya vichujio vinakosa damu vinanyauka na kuwa kovu. Kwingineko mlango umechakaa kiasi kwamba hauwezi tena kubana, na presha yote inamwagika ndani ya kichujio. Hicho kinavuja protini, kisha nacho kinakufa. Vinavyobaki vinachukua kazi ya vilivyokufa, kwa presha kubwa zaidi, na kuchakaa haraka zaidi. Wakati huohuo figo inayohisi damu haitoshi inadhani mwili mzima umeishiwa, inatoa kemikali iitwayo renini ambayo mwisho wake ni kubana mishipa na kuhifadhi chumvi. Presha inapanda tena. Ndiyo maana ukimkuta mgonjwa ana presha na figo mbovu, mara nyingi huwezi kusema kipi kilitangulia, na kijana wa miaka 25 mwenye 170 kwa 110 anapaswa kuchunguzwa figo kabla ya kuambiwa ni mawazo.

Uharibifu huu hauumi. Maumivu ya kiuno yanayowapeleka wengi kwa mganga yakidhaniwa kuwa ya figo, mara nyingi ni ya misuli ya mgongo. Mkojo unaendelea kutoka kama kawaida mpaka hatua za mwisho kabisa. Namba ya kuangalia iko maabara, inaitwa kriatinini, taka inayotokana na misuli ambayo figo huitoa. Nayo ina hila zake. Chukua mwanaume wa miaka 50 mwenye kriatinini ya 88. Ukiiweka kwenye fomula inayotumika sasa, figo zake zinachuja mililita 92 kwa dakika, ambayo ni hali nzuri. Kriatinini ikipanda hadi 110, maabara nyingi bado zitaandika "kawaida", lakini uchujaji umeshuka hadi kama 71. Ikifika 130 karatasi itawekewa alama ndogo ya kuzidi, na mgonjwa ataambiwa imepanda kidogo tu. Uchujaji ni 58, zaidi ya theluthi ya aliokuwa nao imekwenda. Ili ushuke tena kwa nusu, hadi 29, kriatinini itakuwa imefika 230. Namba hii hupanda kwa uvivu mwanzoni wakati hasara ni kubwa, na kwa kasi mwishoni wakati cha kupoteza ni kidogo. Kwa hiyo kriatinini ya leo ina maana zaidi ukiiweka kando ya ile ya mwaka jana, na mtu mwenye presha afadhali atunze karatasi zake za maabara kama anavyotunza hati ya kiwanja. Chini ya 15, mazungumzo yanahusu mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, au kupandikizwa figo.

Kipimo kinachotangulia kriatinini ni cha mkojo. Kijiti cha kuchovya, ambacho bei yake ni ndogo, kinaweza kuonyesha protini, na kipimo cha maabara cha albumini kinaikamata hata ikiwa kidogo sana, miaka kadhaa kabla kriatinini haijasogea. Binafsi naona ajabu kwamba tunampima mgonjwa wa presha mkono kila mwezi na mkojo wake tunausahau. Kwa upande wa moyo, kipimo cha umeme kinaweza kuonyesha msuli ulionenepa, ingawa mara nyingi kinaukosa. Eko ndiyo inayoupima ukuta kwa sentimita.

Msuli wa moyo ulionenepa unaweza kurudi nyuma. Presha ikishushwa na kukaa chini, ukuta huanza kupungua unene katika miezi, na hatari hupungua pamoja nao. Kichujio cha figo kilichokuwa kovu hakirudi. Kinachowezekana ni kuvilinda vilivyosalia. Kwa ajili hiyo kuna dawa kama losatani na enalaprili, ambazo pamoja na kushusha presha ya mwili hulegeza mshipa wa kutokea kwenye kichujio, na hivyo kupunguza msukumo uliomo ndani yake. Matokeo yake huwashangaza wagonjwa, na hata watumishi wa afya wasiozizoea: wiki chache baada ya kuanza, kriatinini inaweza kupanda kidogo. Ongezeko lisilozidi asilimia 30 linakubalika, maana linaonyesha kwamba vichujio vimepunguziwa kazi. Likizidi hapo, dawa inapaswa kutazamwa upya, na madini ya potasiamu yapimwe. Mjamzito hapewi dawa hizi kabisa. Anayeharisha au kutapika sana amwone daktari mapema, kwani kwa siku hizo huenda ikabidi zisimamishwe.

Wakati huohuo, diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua duka la dawa kwa maumivu ya magoti hufanya kinyume: zinaubana ule mlango wa kuingilia, zinahifadhi chumvi, na zinapandisha presha. Mzee anayemeza vidonge vya presha asubuhi na diklofenaki jioni, mwezi hadi mwezi, anavuta kamba pande zote mbili, na zahanati hawajui kwa sababu hawakumuuliza. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa kipimo chake ina madhara madogo zaidi kwa figo.

Ikitokea namba imevuka 180 kwa 120, jambo la kutazama ni mtu mwenyewe. Akiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa, kutoona vizuri, mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu, hiyo ni dharura ya dakika hiyo, apelekwe hospitali. Akiwa hana lolote, akae, apimwe tena baada ya muda, na dawa zake zirekebishwe ndani ya siku chache. Kumpasulia kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili ishuke palepale, kama ilivyokuwa desturi zamani, kumewaletea watu kiharusi, kwa sababu ubongo uliozoea 190 haupati damu ya kutosha ukiangushwa ghafla hadi 120.

Linalowatoa wengi kwenye dawa ni miguu. Mgonjwa ameanzishiwa amlodipini, presha imeshuka vizuri hadi 132 kwa 80, kisha baada ya wiki kadhaa viatu vinabana. Jirani anamwambia dawa zimeua figo, naye anaziacha. Kuvimba huko kwa kawaida kunatokana na amlodipini yenyewe: inalegeza vimishipa vya miguuni na maji yanachuruzika kwenye vifundo. Kunaongezeka jioni, kunapungua asubuhi, pumzi ni nzuri na mkojo hauna protini. Dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, miguu inarudi. Moyo ukichoka, kuvimba huja pamoja na kuhema, kuongeza mito usiku na uzito kupanda kilo mbili au tatu kwa siku chache. Figo zikivuja protini nyingi, uso na kope huvimba asubuhi, na mkojo una povu lisiloisha haraka. Mgonjwa akimweleza daktari miguu inavimba saa ngapi, analala na mito mingapi na anameza vidonge gani, daktari atajua aanzie wapi kabla hata ya kuandika kipimo.